Mgongo unaouma ukilala

Juzi kijana wa Nachingwea, miaka 26, ameniandikia: "Kaka, mgongo unaniamsha saa tisa usiku, nikizunguka uani unapoa. Eksirei imesoma safi, nimeambiwa nipumzike." Nikausoma mara mbili, maana na mimi ndivyo nilivyoanza.

Nilikuwa nabeba magunia ya korosho ghalani hapa Mtwara, kwa hiyo kila mtu alisema ni kazi. Lakini siku za mnada, mzigo ukiwa mwingi, nilishinda bila maumivu. Jumapili nikilala mpaka jua kali, ndipo nashindwa kuinama kufunga viatu, na kukakamaa kunachukua zaidi ya saa nzima. Maumivu yalihama tako la kulia kwenda la kushoto. Miaka minne niliambiwa nipumzike, nikapumzika, nikazidi kuwa gogo. Hilo bado linaniuma. Mgongo uliochoshwa na mzigo hupoa ukilala. Huu wa ankilozing spondilaitisi, kinga ya mwili inapovishambulia viungo, hupoa ukitembea.

Na picha zangu zote zilikuwa za kiuno. Ugonjwa huu kwa kawaida huanzia viungo vya sakroiliaki, pale chini uti wa mgongo unaposhikana na nyonga, na eksirei inaweza kukaa miaka bila kuonyesha kitu, kwani inasubiri mfupa uliwe au uungane. Dar es Salaam, daktari wa baridi yabisi aliandika MRI ya sakroiliaki, si ya kiuno. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu mabaka meupe mfupani, kandokando ya kiungo: uvimbe unaoendelea. Akaniuliza tena habari za usiku na asubuhi, maana hata wabeba mizigo wazima wanaweza kuwa na weupe kidogo pale. Kipimo cha damu cha HLA-B27, alama ya kurithi inayoambatana na ugonjwa huu, kilionyesha sina, naye hakutetereka: Waafrika wengi wenye ugonjwa huu hawana alama hiyo.

Dawa mbili za kutuliza uvimbe, kila moja kwa dozi kamili wiki kadhaa, hazikutosha. Ndipo ikaja sindano ya adalimumab, miligramu 40 chini ya ngozi kila wiki mbili. Ila kwanza nilipimwa homa ya ini B na kifua kikuu, kwa sababu dawa hii inazuia TNF, kemikali ya kinga ya mwili inayochochea uvimbe, na TNF ndiyo inayosaidia kuwafungia wadudu wa kifua kikuu waliolala. Mimi walikuwepo. Nikameza isoniazidi mwezi mzima kabla ya sindano ya kwanza, nikaendelea nayo. Ndugu zangu, msikubali kuchomwa kabla ya kipimo hicho!

Sindano inakaa nyuzi 2 hadi 8, isigande. Kwenye basi la kutoka Dar naipakata kwenye kibegi cha baridi, nimeiviringishia taulo isigusane na barafu. Mwezi wa tatu wa sindano nililala mpaka adhana ya alfajiri. Shingo iliyokwisha kuungana haikurudi. Hiyo ndiyo miaka minne yangu.

Mdogo wangu, kabla hujalipia picha, isome fomu. Kama imeandikwa kiuno, rudi kwa daktari umweleze usiku wako. Na jicho likiwa jekundu, linauma na kukimbia mwanga, nenda hospitali siku hiyohiyo, umtajie daktari na mgongo, maana ugonjwa huu hushika na macho.