Maneno ya chini ya picha: miaka 70 ya Mama kwenye skrini

Swali: Fundi, shikamoo. Mama yetu anatimiza miaka 70 mwezi ujao na tunamfanyia sherehe ukumbini hapa Tanga. Nimekusanya picha 63, tangu akiwa mtoto Muheza mpaka leo, nataka zipite kwenye skrini kwa mpangilio wa maisha yake. Maneno niliyoweka chini ni kama "Mama akitabasamu" na "Malkia wetu". Kaka anasema yamepooza, nichukue maneno matamu ya mtandaoni. Yawe mafupi kiasi gani? Na picha za zamani zisizo na tarehe nizipangeje?

Jibu: Marahaba, dada. Ya mtandaoni yaache yote. Kaka ana haki kusema maneno yako yamepooza, ila dawa aliyokupa inazidisha ugonjwa. "Mama akitabasamu" halina kazi kwa sababu ukumbi mzima unaliona tabasamu. "Malkia wetu" nalo halina kazi kwa sababu linamfaa mama wa kila mtu. Ukileta "nguzo isiyotetereka" au "ua lisilonyauka" umerudi kwenye kosa lile lile kwa maneno marefu zaidi.

Hili linanichosha kuliko jambo lolote katika kazi hii. Watu wanaletewa orodha ya "maneno 100 ya kumsifia mama", wengine wanauziwa kabisa, na fundi anayabandika chini ya picha bila hata kuuliza ile picha ilipigwa wapi. Maisha ya mtu ya miaka 70 yanapita ukumbini, na wajukuu wanatoka bila kujua bibi yao alifanya kazi gani. Sifa zina mahali pake: mshereheshaji atazisema, na kwenye kadi zitaandikwa. Chini ya picha tunaweka kile ambacho picha haiwezi kukisema yenyewe, yaani wapi, lini, na jambo moja lililomtoa Mama hapo likampeleka kwenye picha inayofuata.

Kipimo changu ni hiki. Zima picha, msomee mtu asiyemjua Mama maneno matupu kutoka la kwanza hadi la mwisho. Akiweza kukusimulia maisha yake, umemaliza. Neno lolote ambalo ungeweza kulihamishia kwenye sherehe ya jirani bila mtu kushtuka, lifute.

Nimepitia orodha uliyonitumia, na mali unayo tele. Chukua ile picha ya mwaka 1963, Mama na kaka yake wamesimama njiani na mabegi ya shule. Wewe umeandika "Utoto mtamu". Lakini kwenye maelezo yako umetaja kwamba viatu alivyovaa ni vya kaka yake, na ukiitazama picha vizuri unaona nafasi imebaki nyuma ya kisigino na vidole vimebanwa mbele ili kiatu kisivuke. Basi andika: "Muheza, 1963. Viatu ni vya kaka." Ukumbi wote utaangalia miguu. Huyo mjomba kama yupo mezani, watu watamgeukia.

Hivi ndivyo ningeupanga uti wa mgongo wa onyesho lako, kwa habari zako mwenyewe:

"Muheza, 1955. Wa tatu kati ya watoto saba."
"Muheza, 1963. Viatu ni vya kaka."
"Korogwe, 1975, chuoni. Sanduku ni mbuzi wa Bibi."
"Handeni, 1977. Mwaka wa kwanza kushika chaki."
"1979. Mwalimu aliyemwazima baiskeli."
"Sisi wanne. Nyumba tano za walimu."
"2003. Picha yao ya mwisho pamoja."
"2015. Anastaafu. Miaka 38 darasani."
"Jumapili iliyopita, nyumbani."

La sanduku umenisimulia wewe: Bibi aliuza mbuzi wawili, na sanduku lenyewe linaonekana pembeni ya picha. La baiskeli ni la harusi. Wengi hapo wangeandika "Siku ya ndoa", wakati gauni na keki vimeshasema. Ukiandika baiskeli, umeeleza jinsi walivyofahamiana kwa maneno matatu, na wale waliofundisha nao Handeni watacheka kabla ya wengine.

Picha ya 1977 ina jambo la ziada. Darasa limejaa mpaka watoto wamekaa chini mbele ya madawati. Huo ndio mwaka ambao serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi kwa wote, ile iliyoitwa UPE, na walimu vijana kama Mama wakakuta madarasa yamefurika. Wazee ukumbini wanalijua hilo, vijana hawalijui. Kama picha mbili za darasa hilo zipo, ya pili iandikie "Mwaka wa UPE. Hesabu watoto." Na usiongeze kitu. Historia ya nchi iingie tu pale ilipogusa mwili wa Mama, si kila mwaka.

Kuhusu Baba, naona umeziruka picha zote za miaka yake ya mwisho. Usiziruke. Watu wanaona baba yupo kwenye picha ya 1998 na hayupo kwenye ya 2006, wanaanza kunong'onezana na kupoteza mfuatano. Weka ile ya mwisho ya wawili, maneno machache kama nilivyoandika, iache skrini sekunde mbili zaidi ya nyingine, kisha endelea. Neno "marehemu" si lazima. Mwaka na "mwisho" vinatosha.

Sasa urefu. Picha 63 kwa sekunde sita sita ni dakika sita na zaidi, na baada ya dakika ya nne watu wanarudi kwenye sahani zao. Punguza zibaki 40 hivi, zitachukua dakika nne, karibu na urefu wa wimbo mmoja. Kati ya hizo 40, maneno yawekwe kwenye picha 12 mpaka 15 tu: pale Mama anapohama, anapoanza jambo, anapompata mtu au kumpoteza. Picha nyingine zipite kimya nyuma ya hiyo yenye maneno. Ya Handeni 1977 ikishasemwa, picha tatu zinazofuata za Handeni hazihitaji kitu.

Maneno ya chini ya kila picha yasizidi manane. Kiswahili kina maneno marefu. "Hawakutarajia" peke yake ni herufi 13, kwa hiyo sentensi inayoonekana fupi kwenye daftari inaweza kuvuka skrini. Wanaoandika tafsiri za chini kwenye filamu huishia kama herufi 42 kwa mstari, na mistari miwili kwa wingi. Wewe jitahidi ubaki kwenye mstari mmoja, kwa sababu wageni wako wengine wana miaka 80, wamekaa nyuma, na projekta inawaka mchana. Jaribu hivi: soma kwa sauti, taratibu, mara mbili. Kama sekunde sita zinakwisha hujamaliza mara ya pili, kata. Maandishi yawe meupe juu ya ukanda mweusi, na yapandishe kidogo kutoka chini kabisa, maana skrini nyingi za ukumbini huwekwa chini na vichwa vya watu huziba mstari wa mwisho.

Tukija kwenye mpangilio, tatizo lako kubwa ni simu. Picha nyingi umetumiwa na ndugu kwa WhatsApp, na kwenye simu za Android zinajihifadhi kwa jina kama `IMG-20250914-WA0012.jpg`. Tarehe hiyo ni ya siku picha ilipokufikia, haina uhusiano na siku ilipopigwa. Programu ya kutengeneza onyesho ukiiambia ipange kwa tarehe, itakuwekea ubatizo wa Mama baada ya kustaafu kwake. Zipe picha majina upya, mwaka ukitangulia, kisha ziagize zipangwe kwa jina:

```
1963-01-muheza.jpg
1975-01-korogwe.jpg
1977-01-handeni.jpg
1977-02-handeni.jpg
```

Zisizo na mwaka, geuza nyuma kwanza, kama nakala ya karatasi bado ipo. Studio nyingi za zamani zilipiga muhuri, na watu waliandika kwa kalamu. Tarehe ya rangi ya machungwa iliyo kwenye kona ya picha usiiamini peke yake, kwa sababu saa ya kamera mara nyingi haikurekebishwa. Nimeona zenye '87 na ndani yake yupo mtoto aliyezaliwa 1990. Ushahidi mzuri kuliko wote ni watoto wenyewe. Mdogo wenu wa mwisho alizaliwa 1990. Picha ambayo amebebwa mgongoni ni ya 1990 au 1991, ambayo anasimama mwenyewe ni ya baadaye, na ambayo hayupo ilhali ninyi watatu mpo, huenda ni ya kabla yake. Fanya hivyo kwa kila mmoja wenu, utazipanga karibu zote za miaka ya themanini bila kumuuliza mtu. Zikibaki zenye utata, andika "Mwishoni mwa miaka ya 1960". Hilo ni jibu halali.

Usichofanya kamwe ni kubuni mwaka ili mstari upendeze. Mafundi wanafanya hivi kila siku, na familia zinakubali kwa sababu tarehe kamili inaonekana ya kitaalamu. Video hiyo haiishi ukumbini. Inagawiwa kwenye makundi ya ukoo, inahifadhiwa, na siku ya msiba mtu anaifungua kuandika wasifu wa marehemu. Nimeshuhudia wasifu ukisomwa makaburini na mwaka wa ndoa uliobuniwa na fundi wa video, ndugu wakubwa wakitazamana, na mtoto wa kwanza kwa hesabu hiyo akawa amezaliwa kabla ya ndoa. Wazee wale hawakuwahi kuonyeshwa maneno kabla ya sherehe. Yule fundi alishalipwa zamani.

Kwa hiyo andika maneno yako yote kwenye karatasi moja bila picha, mpelekee mama mkubwa aliyeko Muheza na yule mwalimu mwenzake wa Handeni, kila mmoja kwa wakati wake. Wasikae pamoja, maana mmoja atamfuata mwenzake. Wakitofautiana mwaka, ondoa mwaka ubakize mahali. Fanya hivyo wiki mbili kabla ya sherehe, kwa sababu video ikishatolewa, kurekebisha tarakimu moja kunamlazimu fundi kuitoa yote upya, na wengi wakiombwa hivyo usiku wa kuamkia sherehe husema haiwezekani.