Usubi: muwasho, vinundu na macho

"Daktari, mwaka wa pili huu najikuna. Dawa ya upele nimepaka, wapi! Hapa Mahenge wanasema ni usubi. Nitatambuaje?"

Upele hupenda katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, huwasha zaidi usiku, na watu wa nyumba moja huanza kujikuna karibu pamoja. Usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi mdogo anayeuma, huonekana zaidi makalioni, mapajani, mgongoni na miguuni. Ukijikuna muda mrefu ngozi hunenepa, hukwaruza na kuwa nyeusi. Baada ya miaka mingi mabaka meupe hutokea kwenye miundi. Mahenge usubi upo tangu zamani, kwa hiyo nenda kituo cha afya uombe kipimo cha ngozi. Hukatwa kipande kidogo sana karibu na nyonga, kikaloweshwa kwenye maji ya chumvi, kisha minyoo michanga hutafutwa kwa hadubini. Ikiwa ni michache, kipimo kinaweza kuikosa, hivyo majibu safi hayamalizi shaka.

"Mama ana vinundu viwili nyongani. Haviumi. Vikatwe?"

Si lazima. Ndani yake hukaa minyoo mikubwa, na jike huweza kuishi miaka 10 hadi 15 huku akizaa kila siku. Kukata viwili hakusaidii sana kama vingine vimejificha ndani zaidi. Lakini mkague mwili mzima, hasa mbavuni na kichwani, maana kinundu cha kichwani kiko karibu na macho. Hicho aonyeshwe daktari mapema.

"Inzi anauma mguu. Macho yanaingiaje?"

Minyoo michanga haitulii pale ilipozaliwa. Hutembea chini ya ngozi hadi kwenye jicho. Ikiwa hai haileti vurugu kubwa. Ikifa, mwili huishambulia pamoja na bakteria waliomo ndani yake, na uvimbe huo ndio unaowasha ngozi. Kwenye jicho, uvimbe ukirudia miaka na miaka huacha makovu kwenye kioo cha mbele, mwanga ukashindwa kupita. Kovu la namna hiyo dawa haiwezi kulifuta. Ndiyo maana nasisitiza muwasho utibiwe wakati mtu bado anaona vizuri.

"Mwaka jana nilimeza dawa nikawashwa na kuvimba uso. Mwaka huu niache?"

Usiache, dada. Dawa hiyo, ivamektini, iliua minyoo michanga kwa mkupuo, na kufa kwake ndiko kulikokuvimbisha. Kwa kawaida dozi zinazofuata huwa nafuu, kwa kuwa minyoo imepungua. Mwambie mgawa dawa yaliyokupata, na kama una mimba au umejifungua wiki hii, subiri. Dozi moja haitoshi, kwani haiui minyoo mikubwa. Jike hupumzika miezi kadhaa kisha huanza kuzaa tena. Kwa hiyo dawa humezwa angalau mara moja kila mwaka, hadi minyoo hiyo ife kwa uzee.