Kampuni Ilisema Miezi 12, Mkataba Ulisema 6

Msomaji mmoja aliniandikia akiwa amekata tamaa. Mumewe alifanyiwa upasuaji wa ngiri, wakaomba kurudishiwa gharama, na kampuni ya bima ikakataa kwa sentensi moja: ngiri hulipwa baada ya miezi 12 ya kusubiri. Nikamwambia, dada, nitumie faili zima la PDF, si ukurasa mmoja aliokutumia wakala. Wiki iliyopita wamelipwa. Sitaficha kwamba nimefurahi, hasa nikiwakumbuka ndugu zangu wanaonicheka kwamba nasoma mikataba ya bima kama riwaya.

Kabla ya kusoma chochote, jaribu kuteua neno moja kwenye kila sehemu ya faili. Likigoma kuteuliwa, ukurasa huo ni picha iliyoskaniwa, na ukitafuta kwa Ctrl+F hutapata kitu hata kama neno lipo mbele ya macho yako. Faili la dada huyu lilikuwa mchanganyiko. Mkataba wenyewe, ulioandikwa kwa Kiingereza, ulitafutika vizuri, lakini kurasa mbili za mwisho zilikuwa skani. Yeye alitafuta `hernia`, akaona miezi 12, akaamini.

Nilizisoma zile mbili kwa macho. Zilikuwa nyongeza ya mkataba, iliyotiwa saini kwa ajili ya kundi la wafanyakazi wa mwajiri wa mumewe, na ilipunguza muda wa kusubiri kwa magonjwa yaliyotajwa, ngiri ikiwemo, hadi miezi 6. Kwenye masharti ya jumla kulikuwa na kifungu kinachosema nyongeza ikigongana na mkataba, nyongeza ndiyo inayofuatwa. Tangu siku hiyo mimi huanza na kurasa za mwisho.

Ukijiandikia muhtasari wa mkataba wako, muda wa kusubiri uandike kama tarehe, usiuache kama miezi. Hesabu inaanzia siku ya kuanza kwa bima iliyoandikwa kwenye jedwali la mkataba, si siku uliyolipa wala siku uliyopewa kadi. Bima hii ilianza tarehe 1 Machi, kwa hiyo miezi 6 iliisha 31 Agosti. Upasuaji ulifanyika 20 Oktoba. Ila mkataba mmoja huweza kuwa na saa kadhaa zinazokimbia kwa pamoja: ya magonjwa ya kawaida, ya magonjwa yaliyotajwa, ya uzazi, na ya ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima. Nilihofia hiyo ya mwisho, maana ukiwaziba mlango mmoja wanaweza kuja na mwingine. Fasili ya mkataba ilisema ugonjwa uliokuwepo kabla ni ule uliokuwa na dalili au matibabu kabla ya bima kuanza. Maelezo ya daktari yalionyesha uvimbe ulianza Julai. Tukaambatanisha maelezo hayo na barua ya rufaa bila kusubiri waulize.

Kuhusu yasiyolipwa, usiishie kwenye ukurasa wenye kichwa `Exclusions`. Mengine yamejificha ndani ya fasili. Kwenye mkataba huu, hospitali ni mahali penye vitanda vya kulaza na muuguzi saa zote. Angepasuliwa kwenye kliniki ya mchana, dai lingeanguka bila neno "kliniki" kuonekana popote kwenye orodha ya yasiyolipwa. Tafuta pia `unless`, `provided that` na `subject to` ndani ya kurasa za manufaa. Unapoandika kwa lugha yako, tumia umbo moja: hawalipi hiki, isipokuwa hivi, ukurasa fulani. Watu hupenda kuiacha hiyo "isipokuwa" ili orodha iwe fupi. Matokeo yake wanaandika "hawalipi meno", wakati mkataba unasema hayalipwi isipokuwa yameumia kwa ajali. Nasema hivi kwa uchungu. Nimeona watu wakikata tamaa ya haki yao kwa sababu ya muhtasari mbaya.

Hatua za kudai ziandike kwa mpangilio wa muda. Kwake ilikuwa: kibali kabla ya upasuaji uliopangwa (alikuwa nacho kwa maandishi, bahati njema), kisha fomu, risiti halisi na maelezo ya kuruhusiwa kutoka hospitali, kisha rufaa ndani ya siku 30. Siku hizo zilihesabiwa kuanzia tarehe iliyo juu ya barua ya kukataa, si siku barua ilipomfikia. Rufaa yenyewe ilikuwa nusu ukurasa: namba ya kifungu cha nyongeza, tarehe mbili, na nakala ya zile skani.

Mkanda wa tumbo alioununua mwenyewe baada ya kutoka hospitali hawakuulipa. Mkataba ulitaka uandikwe na daktari, na yeye hakuwa na karatasi hiyo. Hapo kampuni ilikuwa sahihi, nami nilimwambia asipoteze muda kuudai.