Korasi ikaingia sekunde ya 30: nilivyokata kichwa na mkia wa wimbo

"Wakuu, nina wimbo wenye gita la benga. Intro yake ni ya sekunde 20 na ushei, na mwisho naufifisha polepole. Waliousikia wanausifu, lakini ukifika mtandaoni watu wanauruka. Nikate wapi, na mwisho niumalize vipi usisikike kama umekatwa na panga? Natumia FL Studio, niko Kahawa West."

Mkuu, ugonjwa wako niliuugua mwenyewe, kwa hiyo nitakueleza wimbo mmoja tu, ule ulionifundisha. Nilikuwa narekodi kwenye chumba cha nyuma huku Umoja, magodoro ukutani, na msanii alikuwa binamu yangu. Wimbo ulikuwa wa kasi ya BPM 96. Shika hiyo namba, maana hesabu yote inatoka hapo:

```
sekunde za baa moja = 4 × 60 ÷ BPM
4 × 60 ÷ 96 = 2.5
```

Baa moja (ya muziki, si ya pombe) inachukua sekunde 2.5. Sisi tulikuwa tumeweka intro ya baa 8. Gita peke yake baa 4, kisha ngoma baa 4, na juu yake binamu akiwasalimia watu wa mtaa mmoja baada ya mwingine, na jina la studio yangu likitajwa mara mbili. Hizo ni sekunde 20. Ongeza sekunde nzima ya kimya mwanzoni ambayo sikuwa nimeiona, kwa sababu nilianza kuchora wimbo mbele kidogo ya mstari wa kuanzia. Kisha vesi ya baa 16, yaani sekunde 40. Korasi, ambayo ndiyo ilikuwa nyama ya wimbo wenyewe, ikaingia dakika 1 na sekunde 1.

Tulipopandisha video YouTube, nikafungua ile grafu ya YouTube Studio inayoonyesha watazamaji wanabaki hadi wapi. Mstari ulishuka kama mtu anayeteremka ngazi za Muthurwa akikimbizwa, na ukatulia pale sauti ya binamu ilipoanza kuimba. Kwa hiyo vesi haikuwa na shida. Wengi tu hawakuifikia. Na Spotify haihesabu strimu mpaka msikilizaji apitishe sekunde 30, kwa hiyo aliyeondoka kwenye salamu za mtaa hakuhesabika kabisa.

Nisikudanganye kwamba intro ndefu ni ujinga. Ilikuwa na kazi. Mtangazaji wa redio aliitumia kuongea juu ya muziki, dijei aliitumia kulinganisha kasi ya wimbo unaotoka na unaoingia, na kwenye dansi watu walihitaji muda wa kuinuka vitini. Benga ya sahani ndogo za santuri ilikuwa na subira kiasi kwamba wimbo mmoja uligawanywa, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule. Lakini aliyenunua sahani River Road alikuwa ameshalipa. Huyu wa leo yuko ndani ya matatu, kidole kiko juu ya kioo, na wimbo wako umemjia bila kuuita. Hata ukikata kipande cha Skiza, hakuna anayechagua salamu. Unakata pale panapoimbika. Jiulize mbona wimbo wenyewe unaanzia mbali na hapo.

Basi tukaurudisha mezani. Jaribio la kwanza nililikosea. Nilichukua korasi nzima, na besi na ngoma na sauti zote za kuitikia, nikaibandika mwanzoni. Ilishika sikio kweli, lakini vesi ilipoingia wimbo ukasikika kama stima imepotea. Nilikuwa nimetoa kila kitu mlangoni, sikubakiza cha kumwita mtu ndani. Na korasi halisi ilipokuja, haikuwa na jipya.

Kilichofanya kazi ni kutoa mstari mmoja tu wa korasi, ule wa mwisho, baa 2. Sauti ya binamu karibu kavu, bila mwangwi mwingi, na gita lake lilelile chini yake. Gita nikaliondolea masafa ya chini ya 200 Hz ili lisikike jembamba, kama redio ya jirani. Hakuna ngoma, hakuna besi. Sekunde 5. Halafu ngoma na besi zikaingia kwa pamoja, na gita likajaa, baa 2 nyingine bila sauti ya mtu. Sekunde ya 10, vesi. Vesi tukaipunguza kutoka baa 16 hadi 8, na mistari bora ya zile tulizotoa ikahamia vesi ya pili. Piga hesabu: 10 kujumlisha 20, korasi inaingia sekunde ya 30 kamili. Msikilizaji ameonjeshwa, amepata mdundo, amesikia kisa kikianza, na kile alichoonjeshwa kinarudi kikiwa kizima.

Wimbo wako usipokuwa wa BPM 96, fanya hesabu upya wala usinakili sekunde zangu. Kwa BPM 75, baa ni sekunde 3.2, na baa 8 za vesi peke yake zinakaribia sekunde 26. Hapo huenda ukahitaji vesi ya baa 4, au uanze na vesi moja kwa moja. Ila usikate katikati ya baa ili tu ufikie namba. Sikio litajua mguu umekosa ngazi.

Kuna jambo dogo la sekunde ya sifuri kabisa. Ukifuta kimya cha mwanzoni, usifute mpaka ukagusa herufi ya kwanza. Mimi nilifuta hadi pumzi ya binamu, neno la kwanza likaanza kama mtu aliyeamshwa kwa teke. Tena spika nyingi za blututhi humeza kipande kidogo cha mwanzo zinapoamka. Kwa hiyo niliacha ile pumzi, na noti moja ya gita ikatangulia neno. Mwanzo wenyewe wa faili nikaufifisha kwa milisekunde 5 hivi, kuzuia ule mlio wa "tik" unaotokea wimbi la sauti likikatwa likiwa juu.

Sasa mkia. Sisi pia tulififisha. Korasi mara nne, sauti ikipungua kwa sekunde 20, kisha kimya cha sekunde 4 kwa sababu nilitoa faili hadi mwisho wa ukurasa. Kibaya zaidi, kadiri muziki ulivyoshuka ndivyo mvumo wa feni ulivyopanda, na ndani yake kicheko cha mtu aliyedhani maiki imezimwa. Sababu ni kwamba nilififisha kabla ya limita na kompresa. Vyombo hivyo vinabana sauti kubwa, na sauti ikipungua vinaachia. Kwa hiyo mwanzo wa kufifia hausikiki vizuri, halafu uchafu wote wa chini unajitokeza. Ukitaka kufifisha, fanya hivyo kwenye faili ambalo masta yake imekwisha, na utumie mchoro uliopinda, si mstari ulionyooka, maana ulionyooka husikika kama umeporomoka mwishoni.

Ila kwa wimbo ule tuliacha kufifisha. Baada ya korasi ya mwisho kila kitu kikasimama kwenye mpigo wa kwanza wa baa inayofuata: ngoma moja, besi moja, noti moja ya gita, na neno la mwisho la binamu hapo hapo. Kisha tukauacha mwangwi ufe wenyewe, kama sekunde 3. Hapa ndipo penye panga unaloliogopa. Ukitoa faili FL Studio, kwenye dirisha la kutoa kuna sehemu imeandikwa `Tail`. Ikiwa kwenye `Cut remainder`, wimbo unakatwa baa inapoisha na mwangwi unabaki nje. Weka `Leave remainder`, toa WAV, kisha fungua faili hilo upya na uvae hedifoni. Pandisha sauti kwa uangalifu, sikiliza mwangwi unapozama, na ufifishe kile kidogo kilichobaki hadi sifuri. Mimi huacha nusu sekunde ya kimya baada ya hapo, basi. Ukiacha sekunde 4, mtu anadhani bando imeisha na anashika simu, na akishashika simu ameshakuponyoka.

Usiweke pia neno la maana sana kwenye sekunde zile za mwisho kabisa. Spotify humruhusu msikilizaji kupandanisha nyimbo hadi sekunde 12, kwa hiyo kwa wengine mkia wako utasikika chini ya kichwa cha mwingine. Na kichwa chako kitaingia juu ya mkia wa mwingine kikiwa na sauti ndogo. Ndiyo sababu nyingine napenda ule mwanzo mwembamba wa sauti na gita. Hauna besi ya kugombana na besi ya jirani.

Kupima, usiusikilize peke yake. Weka wimbo katikati ya nyimbo mbili za watu wengine, kwenye spika ya simu, na umpe mtu asiyejua ni wako. Nilimpa dada yangu akiwa anapika chapati. Sikumuuliza kama ameupenda, nilitazama tu mkono wake unaelekea kwenye simu sekunde ya ngapi. Toleo la kwanza, alifuta unga kwenye kidole na kuliruka. La pili liliisha akiwa bado anasukuma.

Mbinu hii ina mipaka yake. Kwa taarabu, au wimbo wa kuabudu unaopanda taratibu, kuonjesha korasi mwanzoni kunaweza kuua kitu ambacho msikilizaji wake amekuja kukitafuta. Na dijei wa matatu au klabu atakulaumu akikosa midundo ya kuchanganyia. Huyo mtengenezee toleo lake lenye baa 8 za ngoma tupu mwanzoni na 8 mwishoni, umtumie mkononi.

Kama wimbo wako umeshatoka, jua kwamba toleo lililokatwa upya ni rekodi nyingine. Linahitaji ISRC yake, ile namba ya kuitambulisha rekodi, na strimu za zamani hazihamii. Mimi na binamu tuliliacha lile la kwanza huko huko na salamu zake, watu wa mtaa walikuwa wameshasikia majina yao.