Rodi mbili zisizojuana ndizo zinazoua inveta

Mvua zikianza Tabora mwezi wa 11, simu za mafundi wa sola nazo zinaanza kuita. Anayepiga huwa ana jibu tayari: radi imepiga paneli. Ukipanda juu unakuta vioo vizima, bati halina hata alama. Kilichokufa ni inveta, tena ilikuwa ndani. Mara nyingi chanzo ninachokikuta ni nyumba yenye rodi mbili za ethi, kila moja na maisha yake.

Nyumba moja ya Ipuli ilikuwa hivyo. Paneli nane juu ya bati, inveta ya kilowati 5 kwenye korido. Rodi ya kwanza ilikuwa mbele, karibu na mita ya TANESCO, tangu nyumba inafanyiwa wayaringi. Fundi wa sola alipokuja akapiga rodi nyingine nyuma, akaishushia waya wa kijani kutoka kwenye fremu za paneli, kazi ikaisha. Mwenye nyumba alijua ana kinga maradufu. Radi ikapiga mwembe wa uani, hatua chache kutoka kwenye rodi ile ya nyuma.

Radi moja hubeba makumi ya maelfu ya ampia. Tuseme ampia 1,000 tu ndizo zilizopita kwenye rodi ya nyuma, na rodi yenyewe ina omu 40, ambayo kwa mchanga wetu ni rodi nzuri. Zidisha: volti 40,000. Wakati huohuo rodi ya mbele iko karibu na sifuri. Umeme unatafuta njia ya kutoka nyuma kwenda mbele, na njia iliyopo ni fremu, nyaya za paneli, inveta, kisha waya wa ethi wa nyumba. Inveta haivumilii zaidi ya volti elfu chache kati ya nyaya zake na bodi yake ya chuma.

Nilipoifungua, weusi wote ulikuwa upande zinakoingilia nyaya za paneli. Nikapima paneli mojamoja jua likiwa kali. Saba zilitoa volti 49, moja ikatoa 33. Theluthi ikipungua namna hiyo, diodi moja kati ya tatu zilizo kwenye kiboksi cha nyuma ya paneli imeungua. Usipopima, utafunga inveta mpya na kubaki unashangaa chaji imepungua.

Dawa ni kuziunganisha rodi zote mbili. Nilivuta waya wa shaba wa milimita 16 za mraba kutoka nyuma hadi kwenye kipande cha shaba kilichofungwa ukutani chini ya inveta, na rodi ya mbele ikaletwa hapohapo. Bodi ya inveta na fremu za paneli zikaishia hapo pia. Volti zikipanda, zinapanda kwa wote pamoja, kama ndege aliyetua juu ya waya mmoja wa umeme asivyodhurika.

Lakini waya mrefu haufuati radi kwa wepesi huo. Umeme ukipanda kwa kasi ya radi, mita moja ya waya inaweza kubakiza volti 1,000 au zaidi. Ndiyo maana aresta za saji, vifaa vinavyomwaga volti za ghafla kwenye ethi, moja ya nyaya za paneli na moja ya upande wa TANESCO, nilizifunga pembeni mwa inveta, nyaya zake zote kwa jumla zisizidi nusu mita. Nimeona aresta nzuri ya bei mbaya imefungwa kwa waya wa mita mbili uliozungushwa vizuri kama kamba ya ng'ombe. Hiyo ni pambo. Kila baada ya radi ya karibu, angalia kidirisha chake: kikigeuka chekundu, badilisha.

Kwenye fremu, alumini ina ngozi ngumu isiyopitisha umeme. Tumia washa yenye meno inayotoboa ngozi hiyo, kisha weka multimita kati ya fremu ya mwisho na bodi ya inveta, ukiwa umezima mfumo. Isome chini ya omu 1.

Multimita haipimi omu za rodi na udongo. Hiyo ni kazi ya kipimo cha ethi chenye vijiti vyake. Pima Septemba, mchanga ukiwa umekauka kabisa, maana kipimo cha Februari kitakufurahisha bure. Omu zikiwa nyingi, ongeza rodi, umbali kati yake usipungue urefu wa rodi mara mbili. Wanaomwaga chumvi wanapata nafuu ya msimu mmoja. Mvua inaiosha na rodi inaliwa na kutu.

Radi ikipiga paneli zenyewe, aresta hizi hazitoshi; hapo panahitajika nguzo ya kupokea radi na waya wake wa kushukia. Ukitaka kuchomoa nyaya za paneli, fanya mapema wingu likiwa bado mbali, na uzime swichi ya paneli kwanza, la sivyo plagi itatoa cheche mkononi.