Usiwashe kanuni ya kuunganisha stakabadhi kabla ya kusoma hili

"Nashika hesabu za duka la jumla Kariakoo. Nataka mfumo ulinganishe wenyewe taarifa ya benki na stakabadhi zetu: siku 5 mbele na nyuma, tofauti hadi asilimia 1, na muamala mmoja wa benki uweze kufunga stakabadhi hadi 6. Viwango hivi vinafaa?"

Usiwashe kanuni hizo, ndugu. Viwango hivyo hivyo vitatu viliwekwa kwenye mfumo wa kampuni niliyokuwa nikishika hesabu zake, wasambazaji wa sabuni na mafuta ya kula wenye ghala Vingunguti, na vilimwezesha afisa mauzo mmoja kukaa na fedha za kampuni kwa miezi bila ripoti yoyote kumwonyesha. Aliyeviweka alikuwa mshauri wa mifumo aliyelipwa vizuri. Alimwonyesha mkurugenzi skrini ambayo karibu kila mstari ulikuwa wa kijani, akatangaza kwamba kazi ya usuluhisho wa benki imekwisha. Nilipomuuliza mfumo unachaguaje stakabadhi za kuunganisha, alijibu kwamba kinachotazamwa ni jumla. Jibu hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu mtu anayeuza mfumo wa kulinganisha fedha anapaswa kwanza awe amehesabu michanganyo.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua stakabadhi 20 zilizo wazi ndani ya siku ulizoruhusu, idadi ambayo duka la jumla huifikia kwa urahisi. Mfumo ukiruhusiwa kuunganisha zozote kati ya hizo, kuanzia moja hadi sita, una michanganyo 60,459 ya kuchagua. Kama kila stakabadhi ni kati ya sh. 100,000 na sh. 1,500,000, jumla zote hizo haziwezi kuvuka sh. 9,000,000. Sasa muamala wa benki wa sh. 3,000,000, ukiruhusiwa asilimia 1 juu na chini, unakubali jumla yoyote ndani ya upana wa sh. 60,000, na upana huo unaingia mara 150 tu katika milioni 9. Kwa wastani, basi, kila upana kama huo unaangukiwa na michanganyo ipatayo 400, na mfumo utachukua mmoja wapo hata kama fedha ya stakabadhi husika haijawahi kufika benki. Wala kufuta ile asilimia 1 hakutoshi. Bei zetu nyingi huishia na sifuri tatu, kwa hiyo jumla zinazowezekana ni kama 9,000 hivi, na kila moja inafikiwa kwa wastani na michanganyo sita au saba. Jumla iliyolingana hadi shilingi ya mwisho, ikiwa imetafutwa kwa njia hiyo, bado si ushahidi.

Tazama jinsi ilivyotokea kwetu. Afisa mauzo wa Temeke alikusanya Jumatatu stakabadhi tatu, sh. 870,000, sh. 640,000 na sh. 830,000, jumla sh. 2,340,000. Jumanne aliweka kwa wakala wa benki sh. 1,500,000 tu, akabaki na sh. 840,000. Mfumo ulipotafuta, uliona kwamba 870,000 na 640,000 hufanya 1,510,000, lakini ukapata mchanganyo ulio karibu zaidi: 830,000 yake pamoja na 675,000 ya mwenzake wa Tegeta, jumla 1,505,000. Ukafunga hizo mbili, na sh. 5,000 zilizozidi ukazitupa kwenye akaunti ya tofauti ndogo. Jumatano fedha halisi ya Tegeta, sh. 675,000, ikaingia benki na kukuta stakabadhi yake imeshafungwa. Mfumo ukailinganisha na 640,000 ya Temeke pamoja na 35,000 ya mteja mwingine kabisa, na safari hii jumla ikalingana sawasawa. Ile 870,000 nayo ikaja kufunikwa na fedha za siku zilizofuata.

Pengo halikupungua hata kidogo. Lilihama kila siku kwenda kwenye stakabadhi mpya zaidi. Ndiyo maana ripoti ya umri wa stakabadhi ilikuwa safi muda wote, kwani hakuna iliyokaa wazi zaidi ya siku 5. Kilichomfichua ni salio la fedha zilizo njiani, yaani zilizokatiwa stakabadhi lakini bado hazijaonekana benki, ambalo lilikuwa likipanda kila mwisho wa mwezi wakati mauzo ya siku za mwisho za mwezi yalikuwa yale yale. Salio hilo halipaswi kuzidi makusanyo ya siku mbili tatu za mwisho. Likizidi, usiulize ni stakabadhi ipi, maana mfumo utakuonyesha isiyo na hatia. Anza kujumlisha makusanyo na maweko ya kila afisa mauzo peke yake.

Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia ni kwamba mfumo usitafute kundi kwa jumla. Kundi liwepo kabla, kwa sababu isiyotokana na kiasi, kisha jumla itumike kulipima. Sababu iliyo bora ni namba ya slipu ya benki: afisa mauzo aiandike kwenye kila stakabadhi anayoipeleka, na mfumo ujumlishe stakabadhi zenye slipu moja. Kwa namna hiyo kundi la Temeke lingesoma 2,340,000 na benki 1,500,000, na zile 840,000 zingeonekana Jumanne ile ile.

Kama maafisa wako hawaandiki namba za slipu, tumia mfuatano wa stakabadhi za mtu mmoja. Ruhusu kuunganisha zinazofuatana tu, namba kwa namba, bila kuruka. Katika stakabadhi 20, mifuatano ya kuanzia moja hadi sita ni 105 tu badala ya 60,459, na jumla ikilingana kamili ndani ya idadi ndogo kiasi hicho, ulinganifu una uzito. Mifuatano miwili ikifaa kwa muamala mmoja, mfumo uiache yote miwili wazi mtu aamue. Kuchagua "iliyo karibu zaidi" ndiko kulikotuumiza.

Tarehe ni rahisi zaidi. Fedha haiwezi kufika benki kabla ya kupokelewa, hivyo ondoa zile siku 5 za nyuma. Stakabadhi iliyoandikwa baada ya fedha kuingia inastahili kuulizwa. Kwa mbele hesabu siku za kazi, na uweke kalenda ya sikukuu, maana Saba Saba na Nane Nane hufuatana na mwisho wa juma katika baadhi ya miaka, na Idi hutegemea mwezi kuandama.

Tofauti ya kiasi nayo isiwe asilimia. Kila tofauti halali ina jina: ada ya benki, makato ya Lipa Namba, ada ya wakala. Weka jedwali la makato hayo pamoja na tarehe yalipoanza, kwa kuwa hubadilika, kama tulivyoona Julai 2021 tozo za miamala ya simu zilipoanza. Tofauti isiyo kwenye jedwali ibaki wazi, iwe sh. 5,000 au sh. 50.

Kabla ya kuwasha chochote, chukua mwezi uliokwisha kusuluhishwa kwa mkono, futa kwenye nakala mstari mmoja wa benki wenye kiasi cha kawaida, kisha endesha kanuni zako. Stakabadhi za mstari huo zinapaswa kubaki wazi, zile zile na si nyingine. Rudia kwa mistari mingine kadhaa, na kila mara mfumo utakapozifunga, tafuta ni kanuni ipi iliyozifunga na uizime.