Kijana ameniruka

«Kijana wa chini yangu ameenda kunishitaki kwa mukubwa wangu bila kuniambia. Nimuite leo?»

Hapana yaya, leo uko na kasirani. Kwanza ona mukubwa, muulize mambo mbili tu: kijana alisema nini kabisa, na yeye mukubwa alimujibu nini? Hiyo ya pili njo ya maana, juu kama mukubwa alishamuahidi kitu, weye ukikataza kesho mutagongana.

Mi ilinifikia kwa depo moja hapa Goma, kijana wa stoki alisema ninamunyima konje, nikawaka, kumbe alishaniomba mara tatu kwa mudomo na mi kila mara «tutaona». Nikamuita peke yake, nikamupa tarehe, nikaandika ndani ya kaye mbele yake, kisha njo nikamuuliza mbona aliniruka. Akasema alichoka kungoja. Ilikuwa kweli, bon.

Mukubwa naye nikamuomba, kijana akirudi tena amuulize kwanza: «shefu wako anajua?» Lakini kama ni wizi ao unamusumbua, ana haki ya kukuruka. Na usimubadilishie zamu wiki hii, hata kama ulishaipanga mbele, wote wataona unalipiza.